Biashara ya watumwa haikuishia Mkunazini

Mhariri,

Juzi nikipita Mkunazini, mjini Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, nilimsikia mtembeza wageni akisema biashara ya watumwa ilikwisha Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na soko likafungwa. Sisi wa Pemba tunajua haikuwa hivyo.

Mwaka mmoja kabla, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Karafuu ikapanda bei, na wenye mashamba huku wakataka watu wa kuchuma. Mkataba ulikataza kuwasafirisha watumwa baharini, basi wafanyabiashara wakawatembeza kwa miguu kutoka Kilwa, wakifuata pwani hadi Pangani. Kutoka hapo jahazi lenye upepo mzuri lilivuka usiku mmoja tu, likajichimbia kwenye hori zetu zenye mikoko (anayezijua hashangai). Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Utumwa wenyewe Unguja na Pemba uliendelea kisheria hadi 1897.

Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Kule machifu waliuza watu kwa nguo, bunduki na baruti, na asiyekuwa na bunduki aliogopa kugeuzwa bidhaa yeye. Vijiji vikahamia milimani au vikazungushiwa boma la magogo. Mashamba ya mbali yakaachwa, maana kwenda kulima peke yako ilikuwa hatari, na njaa ikafuata.

Mtembezaji yule aongeze Pangani na Pemba. Ni dakika mbili tu.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba