Daftari la mahudhurio halimpimi mzazi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na darasa moja liko chini yangu. Kila tukimaliza kikao cha wazazi, chumba cha walimu hujaa lawama ileile: wale tuliowahitaji hasa hawakuja. Lakini kikao chenyewe tumekiita saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mzazi wa zamu, au anayelipwa kwa siku, akija anapoteza ujira wake, na pengine nafasi yake. Asipokuja, tunasema hajali masomo ya mwanawe.

Mtafiti wa Marekani, Joyce Epstein, aliugawa ushiriki wa wazazi katika mafungu sita: malezi ya nyumbani, mawasiliano na shule, kujitolea shuleni, kusaidia masomo nyumbani, kushiriki katika maamuzi ya shule, na kushirikiana na jamii. Daftari letu la mahudhurio huona yale tu yanayofanyika ndani ya uzio wa shule, na hayo si lazima yawe ndiyo yenye uzito mkubwa.

Mwaka 2009, Nancy Hill na Diana Tyson walichapisha uchambuzi wa tafiti 50 kuhusu wanafunzi walio kwenye umri wa kuingia ujana. Kilichoambatana zaidi na ufaulu ni mzazi kumweleza mtoto anachotarajia kwake, kuzungumza naye thamani ya elimu na kuyaunganisha masomo na malengo yake. Kufika shuleni kulifuata, kwa nguvu ndogo zaidi. Kusaidia kazi za nyumbani, kwa ujumla, kuliambatana na alama za chini.

Hapo pasisomwe haraka. Mzazi huanza kukaa mezani na mtoto pale alama zinapoanguka, kwa hiyo alama mbovu huenda ndizo zilizouita msaada, wala si msaada ulioziharibu. Ila nami nasahihisha madaftari, na majibu yaliyotoka kwa mtu mzima nayajua: yote sahihi, hatua hazipo, na mwanafunzi akiitwa ubaoni anaduwaa.

Sasa tumchukue mama wa zamu ya usiku ambaye mwanawe amekwama kwenye hesabu za sehemu. Ukimpa ½ + ⅓, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata ⅖. Ujumbe wa shule tuliouzoea ungesema, "Mwanao ajitahidi hisabati." Mama afanye nini na huo, zaidi ya kumgombeza? Ujumbe wenye manufaa ungesema: "Anajumlisha namba za chini za sehemu badala ya kuzifanya zilingane. Hajaleta kazi mbili za wiki hii. Mwombe akueleze kwa nini ½ + ⅓ haiwezi kuwa ⅖."

Mama huyo si lazima ajue hisabati. Anauliza kwa simu wakati wa mapumziko kazini, au siku ya mapumziko akiwa na daftari mkononi: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, imekuwaje sasa una pungufu ya nusu? Mtoto akinyamaza akafikiri, swali limefanya kazi. Kumfundisha kupata ⅚ ni jukumu langu.

Matthew Kraft na Todd Rogers waliujaribu mpango wa namna hii Marekani, kwenye masomo ya likizo ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wamefeli. Wazazi walipelekewa sentensi moja kwa wiki kutoka kwa mwalimu. Kwa mujibu wa matokeo waliyochapisha mwaka 2015, wasiofuzu walishuka kutoka karibu 16 katika kila 100 hadi karibu 9, hasa kwa sababu wachache zaidi waliacha masomo njiani. Ujumbe uliotaja cha kurekebisha ulielekea kusaidia kuliko wa kusifu. Ni mpango mmoja, tena wa muda mfupi, hivyo sidai kwamba utafaa kila mahali kwa kiwango hichohicho.

Una gharama zake pia. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuandika sentensi 60 za kweli kila wiki. Akilazimishwa atanakili moja kwa wote, na wazazi wataacha kusoma. Mimi ningeanza na wale kumi ambao kazi zao hazifiki, kisha niwabadilishe kila mwezi. Mzazi asiyejua kusoma apigiwe simu, au atumiwe ujumbe wa sauti. Na kama simu ni ya familia nzima, mambo ya aibu yasipitie humo.

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni dogo. Kwenye fomu ya usajili ongezeni swali la saa ambayo mzazi anapatikana kwa simu, na kikao kimoja kwa muhula kiwe jioni au mwisho wa wiki, walimu wakilipwa kwa saa hizo.

Mwalimu wa darasa