Pevingi zikititia, tatizo liko chini ya vitofali

Ndugu Mhariri,

Masika yakikatika, malalamiko huwa yale yale: pevingi zimetitia, zimeachana, maji yanatuama mlangoni. Lawama zote huangushiwa vitofali. Mwenye nyumba atakwambia kiwanda kimemuuzia mali mbovu, wamebania saruji. Vitofali vibovu vipo, sikatai, lakini kitofali kibovu humomonyoka uso au hupasuka. Kitofali kilichozama kikiwa kizima, chenye pembe zake zote, hakina kosa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa liko wapi, kwa sababu watu wanang'oa na kutandaza upya juu ya kasoro ile ile, na masika yajayo wanarudi palepale.

Nichukue mfano wa ua mmoja wa Goba, hapa Dar es Salaam, ambao niliitwa kuutazama. Una upana wa mita 5 kutoka ukuta wa nyumba hadi mtaro ulio kando ya uzio, na urefu wa mita 12. Gari huingia na kulala hapo. Vitofali ni vya sentimita 6, vya kawaida, na bado ni vizima kabisa. Lakini karibu na ukuta wa nyumba, pale tairi zinapopita, kulikuwa na mabonde mawili yaliyojaa maji, na maji hayo yalikuwa yakinywewa na ukuta. Cha kushangaza, upande wa mtaro, mita chache tu kutoka hapo, vitofali vilikuwa vimelala sawasawa.

Tulipong'oa vichache pande zote mbili jibu lilionekana wazi. Upande wa mtaro mchanga chini ya kitofali ulikuwa sentimita 3. Upande wa nyumba ulikuwa sentimita 13. Aliyefanya kazi ile alichimba ardhi ikiwa bapa, akashindilia ikiwa bapa, kisha mteremko akautafuta kwa mchanga: akaumwaga mwingi upande wa juu na kuupunguza kadiri anavyoshuka. Siku ya kukabidhi kazi kila kitu kilipendeza na maji yalitiririka vizuri hadi mtaroni. Lakini mchanga mnene namna hiyo huendelea kujipanga na kushuka kila tairi inapoukanyaga. Sentimita 3 za mchanga hata zikishuka hutaona kitu. Sentimita 13 zikishuka kwa sehemu moja ya kumi tu, umepoteza sentimita 1 na zaidi, tena upande ule ule uliopaswa kubaki juu. Hapo mteremko unajila wenyewe, na maji yanageuza njia kuelekea nyumbani.

Basi jambo la kwanza ninalotaka wasomaji wako walijue ni hili: mteremko huchongwa kwenye ardhi. Mchanga wa kulazia vitofali unatakiwa uwe na unene mmoja kutoka ukutani hadi mtaroni. Kwa ua ule hesabu yake si ngumu. Mteremko unaotosha ni sentimita 2 kwa kila mita moja, kwa hiyo kwa mita 5 upande wa mtaro unakuwa chini kwa sentimita 10. Uso wa pevingi ukutani ukae sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ili mvua ikirusha matone yasifike ndani wala unyevu usipande ukutani. Chini ya uso huo kuna kitofali cha sentimita 6, mchanga wa sentimita 3 na kifusi kilichoshindiliwa cha sentimita 15, jumla 24. Kwa hiyo shimo la ukutani linakuwa sentimita 39 chini ya sakafu, na la mtaroni sentimita 49. Pigilia vigingi, hamisha levo kwa mpira wa maji, funga uzi, halafu pima kutoka kwenye uzi kushuka chini kila baada ya hatua mbili. Ukiona fundi anachimba bila uzi, msimamishe.

Kwa njia ya watu wa miguu tu, kwenye ardhi ya kichanga kama ilivyo sehemu nyingi za Dar, ukishaondoa udongo wa juu wenye mizizi unaweza kutumia mchanga wenyewe kama msingi, sentimita 10 zilizomwagiwa maji na kushindiliwa vizuri. Gari likishahusika, weka kifusi au kokoto zilizochanganyika saizi.

Kushindilia nako kuna utaratibu wake. Mashine ndogo ya sahani, ile ya kusukuma kwa mkono, haifiki mbali. Ukimwaga kifusi chote kwa mkupuo mmoja, juu panakuwa pagumu na chini pamelegea. Kwa hiyo sentimita 15 zile zigawe mara mbili. Kifusi kiwe na unyevu kiasi kwamba ukikifinyanga kiganjani kinashikana, lakini hakichuruziki maji. Ukimaliza, jaza toroli vitofali na ulisukume juu yake. Gurudumu likiacha mfereji, bado. Kipimo hiki mwenye nyumba anaweza kukifanya mwenyewe bila kumsubiri mtu.

Sasa mchanga wa kulazia. Uwe wa mtoni, wa chenga kubwa na zenye ncha, uliooshwa. Usiwe ule laini wa kupigia plasta. Chukua kiganja cha mchanga mbichi, ufikiche, kisha uuachie: mkono ukibaki na tope, mchanga huo una udongo mwingi, utashika maji na kulainika chini ya tairi. Vumbi la mawe nalo, ambalo mafundi wengi wanalipenda kwa sababu linashikana haraka, mara nyingi lina unga mwingi na lina tatizo hilo hilo. Huutandaza mchanga kwa kulaza bomba mbili za chuma za inchi moja na robo, ambazo kwa nje zina unene wa kama sentimita 4, kisha unavuta rula ya alumini juu yake. Unatoa bomba, unajaza mifereji iliyobaki, na tangu hapo hakuna anayekanyaga mchanga ule. Fundi anasimama juu ya vitofali alivyokwisha kuvipanga na kusonga mbele.

Mchanga huu haushindiliwi kabla ya vitofali. Unashindiliwa kupitia vitofali. Mashine ikipita juu yake, zile sentimita 4 zinashuka na kubaki kama 3, na mchanga unapanda kidogo kwenye nafasi za katikati kutoka chini. Kisha unafagia mchanga mwembamba mkavu kutoka juu, unapitisha mashine tena, unafagia tena, mpaka nafasi zijae. Nafasi yenyewe ni milimita 2 hadi 5, na ndiyo inayofanya kazi kubwa: mchanga uliobanwa humo ndio unaofanya kitofali kimoja kikikanyagwa kiwaegemee wenzake. Ndiyo maana kuvibana vitofali bila nafasi hata kidogo, ili vipendeze, ni kuviharibu. Na kwa mahali pa gari, vipangwe kwa mtindo wa mifupa ya samaki, maana mistari mirefu iliyonyooka husukumwa na tairi.

Jambo la pili ni kingo, na hapa ndipo watu wanapobania fedha kuliko kwingine. Ua ule wa Goba ulishikwa na ukuta upande mmoja na mtaro wa zege upande wa pili, ila mwisho wake, pale unapokutana na bustani, palikuwa wazi. Fundi alipaka tu udongo wa saruji ubavuni mwa mstari wa mwisho, unene wa vidole viwili, juu ya mchanga mtupu. Gari linapogeuza tairi likiwa limesimama halikandamizi chini tu, linasukuma pembeni pia. Ule udongo ulipasuka, mstari wa mwisho ukasogea. Nafasi ya milimita 3 ikawa ya sentimita 1, mchanga ukadondokea chini, kitofali kikaanza kucheza, na mstari wa pili ukafuata. Nilipofika, mistari minne ilikuwa imekwisha kuachia, na mchanga wa chini ulikuwa umeoshwa na mvua hadi bustanini. Ugonjwa huu unatambulika kwa urahisi: huanzia ukingoni na kuingia ndani, wakati ule wa mchanga mnene hutokea kwenye njia ya tairi.

Ukingo wa kweli ni kabstoni, au hata mstari wa vitofali vilivyosimamishwa, uliokaa juu ya zege la sentimita 10 na kuegemezwa kwa nyuma na zege jingine lililopanda hadi karibu theluthi mbili ya kimo chake. Zege la sehemu 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto linatosha. Lichimbiwe na kumwagwa kabla ya kutandaza mchanga, kisha lisubiriwe siku kadhaa likimwagiwa maji, kwa sababu mashine ikipita jirani na zege bichi inalivunja lisijulikane. Ukingo wa upande wa chini, kule maji yanakoelekea, uwe chini ya uso wa vitofali kwa milimita chache, la sivyo umejenga bwawa.

Ombi langu linawahusu mafundi wenzangu na wanaotuajiri. Tumezoea kukubaliana bei kwa mita ya mraba ya pevingi, neno moja lililobeba kila kitu, na anayetaja bei ya chini ndiye anayepata kazi. Bei hiyo inashukaje? Kwa kuacha kifusi na kingo, vitu ambavyo vitofali vikishapangwa havionekani tena. Ningependa makubaliano yaandikwe kwa mafungu: kuchimba na kushindilia, kingo, mchanga, kisha vitofali na kuvipanga. Kwa ua wa mita za mraba 60 kama ule, vitofali vya sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa kila mita, yaani 3,000, na vya akiba kama 150. Mchanga wa kulazia ni karibu mita za ujazo 2 na nusu. Ukiletewa lori zima la mchanga na hakuna kifusi kilichoshushwa, tayari unajua mteremko unatafutwa kwa mchanga.

Na malipo yagawanywe vivyo hivyo. Fungu la kwanza litolewe baada ya toroli kupita juu ya kifusi bila kuacha mfereji, la pili baada ya kuziona kingo zikiwa na zege lake mgongoni. Kiasi kidogo kibakizwe hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe, fundi arudi kufagia mchanga kwenye nafasi zilizoshuka. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na zisipojazwa mapema maji hupita hapohapo kwenda kwenye mchanga wa chini.

Fundi wa pevingi,
Kimara, Dar es Salaam