Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Malalamiko ya Wafanyakazi Wetu

Ndugu wanachama, Assalamu alaikum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sizigusi. Taarifa yangu karibu yote inahusu utaratibu wa malalamiko tulioanza kuutumia mwaka huu katika nyumba zetu za wageni, Lamu mjini na Shela.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 12, inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi mfanyakazi ampelekee nani lalamiko lake, na kwa njia gani. Kifungu hicho hakimbani mwenye wafanyakazi chini ya 50, na wengi wetu tulijificha hapo. Kifungu cha 46 lakini kinatugusa sote: kumwachisha mtu kazi kwa kuwa amelalamika si sababu ya haki, ila ikionekana lalamiko lilikuwa la ovyo na halina msingi.

Wapo waliopendekeza sanduku la maoni lenye kufuli. Katika nyumba ya watu saba sanduku halimfichi mtu. Mwandiko unajulikana, na hata usipojulikana, lalamiko la zamu ya usiku wa Ijumaa linamtaja mwenyewe. Kwa hiyo hatukuahidi kuficha jina. Tuliahidi kwamba watakaolijua ni wachache, na kwamba anayelalamikiwa hatakuwa ndiye mwamuzi. Hilo la pili ndilo zito kwetu, maana msimamizi mara nyingi ni shemeji au mpwa wa mwenye nyumba. Ndiyo sababu tukaweka wapokeaji wawili, mwanamke na mwanamume, kutoka nyumba nyingine. Mfanyakazi anaweza kuanza kwao bila kupitia kwa msimamizi wake, hata kwa ujumbe wa sauti wa simu, maana mambo ya barazani yanasikika mtaa mzima.

Anayeeleza kwa mdomo huandikiwa, husomewa, kisha hutia sahihi au dole gumba. Daftari lina karatasi ya kaboni, na nakala yenye namba anaondoka nayo siku hiyo hiyo. Ndani ya siku tano anasikilizwa, akitaka pamoja na mwenzake wa kazini. Ndani ya siku 14 anapata jibu la maandishi. Likichelewa, anaandikiwa sababu na tarehe mpya. Asiporidhika, ana siku saba za kukata rufaa kwa wanachama watatu wasiohusika na nyumba ile.

Lalamiko moja lilitufunza mengi. Mtunza vyumba alikatwa shilingi 4,000 katika mshahara kwa sababu ya kandili iliyovunjika darini. Jibu la kwanza la nyumba lilisema, “Tumelisikia, tutaliangalia.” Mpokeaji alilirudisha, na alifanya vyema: jibu lazima liseme nini kimegunduliwa, nini kimeamuliwa, kwa nini, na rufaa inakwenda wapi. Jibu la pili lilieleza kwamba ndoana ilikuwa imeliwa na kutu na kandili iliangushwa na upepo wa kusi. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki pale mali inapoharibika kwa kusudi la mfanyakazi. Hapa kusudi halikuwepo, basi pesa zilirudishwa na mshahara wa mwezi ule.

Tungeishia hapo tungejisifu bure. Daftari linafunguliwa tena miezi mitatu baadaye, orodha ya zamu za kabla ya lalamiko ikawekwa kando ya ile ya baada yake. Dada huyu alikuwa ameondolewa vyumbani, wanakoacha wageni bakshishi, akawekwa kwenye kufua. Msimamizi alipoulizwa hakuwa na sababu ya kazi, na zamu zikarudi. Kisasi cha hapa kwetu ni nadra kuwa barua ya kufukuzwa. Ni zamu kupungua, au mtu kutoitwa msimu ukifunguliwa. Kwa hiyo orodha ya wanaoitwa nayo sasa inalinganishwa na daftari.

Utaratibu huu una mipaka yake. Madai ya kusumbuliwa kimapenzi hayaanzii kwa msimamizi hata kidogo wala hayasuluhishwi kwa kukalishwa pamoja. Yanakwenda moja kwa moja kwa mpokeaji, na anayetaka polisi hazuiliwi. Aliyefukuzwa naye asizungushwe na vikao vyetu: sheria inampa miezi mitatu tangu kufukuzwa kupeleka shauri kwa afisa wa kazi, na miezi hiyo haisimami kwa kuwa sisi tunaendelea kuzungumza. Wapokeaji wameelekezwa kumwambia hivyo siku ya kwanza.

Baadhi ya nyumba bado hazijaleta orodha zao za zamu, nami siwezi kulinganisha karatasi ambayo sijapewa. Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: orodha hizo ziwe sharti la nyumba kupokelewa ada yake ya mwaka ujao, na mpokeaji mwanamke apatiwe msaidizi upande wa Shela, kwa sababu boti za usiku ni chache.