Naomba sauti yako

Ustadhi wangu,

Asalamu alaykum. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Mvua, ada, na lile paa ulilolicheka. Mama anakusalimu, na yule mzee wa Bombo bado anadai vitabu vyake kwako.

Leo nina shida ya imla ya Kiarabu. Juzi niliwasomea watoto 14 neno *kataba*, "aliandika". Tisa wakaniwekea alifu baada ya te. Sasa ukilisoma bila irabu, hilo ni kitabu! Nikafoka kidogo, nikarudia, wakaandika vilevile. Jioni nikajirekodi kwa simu na kusikiliza. Aibu, ndugu yangu. Kinywa changu cha Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta: *ka-TAA-ba*. Mwarabu hukanyaga ile ya kwanza. Watoto waliandika walichosikia! Na wengi wa hao tisa ni wa nyumba za Kiganda, ambao tangu tumboni wanajua kwamba *okusiga* ni kupanda mbegu na *okusiiga* ni kupaka. Walioandika sawasawa ni Waswahili wenzangu, walionisamehe bila kujua.

Ndiyo maana nakuomba wewe, maana umelelewa kwa *okuta* na *okutta*, huwezi kuachia kitu ukakiua. Nirekodie *kataba*, *kaataba*, *kattaba*: aliandika, aliandikiana na mtu, alimwandikisha. Changanya mpangilio, kila neno mara mbili, halafu nyamaza sekunde kumi. Usivute kupita kiasi kuwasaidia. Nilifanya hivyo mwaka jana, wakawa wanaisikia alifu ninapoiimba tu. Nikisoma kawaida, imepotea. Na kwenye shada usipige kelele, kaa tu juu ya te kabla ya kuiachia. Kabla hawajashika kalamu nitawaambia wanyooshe vidole: kimoja, alifu, viwili, shada, ngumi, hakuna kitu. Hapo najua kama kosa ni la sikio au la mkono.

Hamza ni kesi nyingine, na hapo hata Kiganda hakiwaokoi. *Sa'ala* ni aliuliza, *saala* ni maji yalitiririka, nao wananiandikia mtu aliyetiririka mwalimu. Tutawalaumu vipi, wakati sisi wenyewe tuliimeza hamza ya *su'aal* tukabaki na swali? Nimewaambia waweke kidole kooni wakisema neno, wasikie pale pumzi inapokatika. Inasaidia wakisema wao. Wakisikia tu... bado natafuta. Mambo ya kiti cha hamza, kwenye alifu au wau, sijayagusa, kwanza waisikie.

Je, utaweza kabla ya Jumamosi? Wako wanaikamata hamza vipi? Unawasomea neno tupu au ndani ya sentensi? Mimi naona sentensi huwapa jibu mapema. Na shemeji kapona? Vocha nitakutumia, roleksi utakula ukija.

Ndugu yako