Jaji aliomba radhi, basi wimbo ulikuwa "Memory"

Mhariri,

Chemsha bongo ya ukurasa wenu wa burudani Jumamosi iliyopita ilitupa maneno ya jaji Simon Cowell kwa Susan Boyle, yule mama wa Uskochi aliyeshiriki Britain's Got Talent mwaka 2009. Cowell anamwomba radhi kwa namna walivyompokea kabla hajaimba mara ya kwanza. Chini yake mliandika "Raundi: nusu fainali", mkauliza alikuwa ametoka kuimba wimbo gani. Jibu mlilochapisha ni "I Dreamed a Dream". Jibu hilo si sahihi, na linaniuma kwa sababu waliokosa pointi ni wasomaji waliosoma swali lenu kwa makini.

Boyle alipanda jukwaani mara tatu katika shindano lile. Usaili wake uliofanyika Glasgow ulionyeshwa tarehe 11 Aprili, na hapo aliimba "I Dreamed a Dream", wimbo wa mchezo wa Les Misérables. Kwenye nusu fainali, tarehe 24 Mei, aliimba "Memory" kutoka mchezo wa Cats. Fainali ilikuwa tarehe 30 Mei, akarudia ule wa kwanza. Bila shaka hapo ndipo mlipopotea: wimbo uliompa jina ulisikika mwanzoni na mwishoni, ukaufunika ule wa katikati.

Sasa turudi kwenye maneno ya jaji. Anayesema "kabla hujaimba mara ya kwanza" anazungumza na mtu ambaye ameshaimba zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usaili unatoka hapo hapo. Kwenye usaili majaji walikuwa na maneno ya namna nyingine kabisa. Piers Morgan alisema huo ndio mshangao mkubwa kuliko yote aliyowahi kuupata katika miaka mitatu ya kipindi, kisha kila jaji akatoa "ndiyo" yake. Hizo "ndiyo" ni alama ya usaili, maana kwenye nusu fainali kura za watazamaji ndizo zilizotangulia. Hata ile "miaka mitatu" ina kazi yake: kipindi kilianza 2007, basi msimu wa tatu ni 2009.

Baada ya kuutoa usaili, zinabaki nusu fainali na fainali, na nakiri kwamba radhi ile peke yake haiwezi kuamua kati ya hizo mbili. Kinachoamua ni ule mstari mdogo wa raundi mliouandika wenyewe. Ukishaunganisha maneno ya jaji na raundi, wimbo ni mmoja tu.

Kuna kidokezo kingine ambacho mngeweza kukitumia kujihakiki. Kwenye usaili Boyle aliulizwa angependa kufanikiwa kama nani, akamtaja Elaine Paige. Huyo ndiye aliyeimba "Memory" Cats ilipoanza kuonyeshwa London mwaka 1981. Kidokezo hicho hakithibitishi kitu, lakini kingetosha kumfanya mwandaaji asite na kutazama video upya.

Naomba pia mwandaaji awe mwangalifu na maswali ya American Idol, kwa sababu huko mtego ni ule ule. Adam Lambert aliimba "Mad World" Aprili 2009, wiki ambayo washiriki walipewa nyimbo za mwaka waliozaliwa. Yeye ni wa 1982, na wimbo huo wa Tears for Fears ulitoka mwaka huo huo. Kipindi kilikuwa kimepitiliza muda, hivyo Cowell alisimama tu akampigia makofi. Mada ya wiki inakupa mwaka, na mwaka unakupeleka kwenye wimbo, hata kama jaji hakuwa na nafasi ya kuuzungumzia. Lakini ukiambiwa ni fainali, hesabu inabadilika: Lambert aliimba nyimbo tatu usiku ule, "Mad World" ikiwa mojawapo, na wa mwisho, "No Boundaries", uliimbwa pia na mpinzani wake Kris Allen. Hapo swali lisilotaja ni wimbo wa ngapi usiku huo halina jibu moja, na mkiliuliza mtagombana na wasomaji bure.

Juzi nilikaa na binti yangu tukaitazama nusu fainali ile ya Boyle, yeye kashika gazeti lenu, mimi kalamu. Wimbo ulipoanza tu akaniambia, "Baba, mbona huu siyo walioandika?" Yeye alikuwa amewatumia jibu "Memory" tangu Jumamosi usiku. Naomba mchapishe masahihisho, na pointi zihesabiwe upya kwake na kwa wote waliojibu hivyo.

Msomaji wenu,
Tanga