Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Mheshimiwa Waziri,

Kila mwaka wizara yako hutangaza kiwango cha taifa kujitosheleza kwa chakula, na miaka ya karibuni kimevuka asilimia 120. Siipingi hesabu hiyo. Wataalamu wako hukadiria mavuno, wakajumlisha na ndizi na mihogo kwa uzito wa nafaka, kisha wakayalinganisha na mahitaji ya watu wote nchini. Ninachopinga ni kuiita usalama wa chakula.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 nchi nzima. Iringa iliongoza kwa takriban asilimia 57. Njombe na Rukwa zilifuata, kila moja karibu nusu ya watoto wake. Hii ndiyo mikoa ambayo malori ya mahindi hutoka.

Mkutano wa chakula wa Roma, mwaka 1996, ulitamka kuwa usalama wa chakula upo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye virutubishi. Ndani ya maneno hayo mna mambo manne: chakula kiwepo, kaya iweze kukipata, mwili uweze kukitumia, na hayo matatu yasiyumbe mwaka mzima. Asilimia 120 inajibu la kwanza tu.

Nimefanya kazi ya udadisi vijijini, nikibeba dodoso kutoka kaya hadi kaya. Ipo kaya moja ya Sumbawanga ambayo sijaisahau. Ilikuwa Julai, mahindi yamejaa kihenge. Nilimuuliza mama maswali matatu ya njaa kwa siku 30 zilizopita: je, nyumba iliwahi kukosa chakula kabisa, kuna aliyelala na njaa, kuna aliyeshinda mchana na usiku bila kula? Alijibu hapana mara tatu. Alama sifuri. Lakini maswali hayo yalitungwa kunasa njaa kali, na mahali penye ugali kila siku sifuri haituambii mengi.

Nikaenda kwenye alama za ulaji, ambazo huhesabu siku ambazo kaya ilikula kila kundi la chakula katika siku 7. Kila siku ya nafaka hupewa 2, ya maharage na jamii yake 3, ya nyama, samaki au mayai 4, ya maziwa 4, ya mboga au matunda 1, ya mafuta au sukari nusu. Kaya ile ilikula ugali siku 7, alama 14, na mboga siku 7, alama 7. Maharage mara mbili yakaleta 6, dagaa mara moja 4, tunda mara moja 1. Mafuta siku 5 na sukari siku 3 vikaongeza 4. Jumla 36. Kikomo ni 35, kwa hiyo niliiandika kuwa ina ulaji unaoridhisha.

Mama akaniambia, "Mwanangu, ungekuja Februari." Mahindi mengi huyauza mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, ili alipe ada na deni la mbolea. Februari huyanunua tena kwa bei ya juu, na maharage na dagaa huachwa. Ondoa alama 10 za vyakula hivyo viwili: inabaki 26, chini ya kikomo. Kaya ni ileile. Wadadisi wanaokwenda Julai peke yake hawataiona.

Na hata Februari, alama hizo hupima chungu cha kaya, hazimpimi mtoto. Mdogo wao alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama huondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto akabaki na dada yake na uji mweupe. Jana yake alikuwa amepata maziwa ya mama, nafaka na mboga za majani: makundi 3 kati ya 8, wakati kiwango cha chini ni 5. Ongeza kuhara kwa maji ya kisima kisichofunikwa, na hata hicho kidogo alichokula hakimfai mwilini.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, kila utakapotangaza asilimia ya kujitosheleza, tangaza pamoja nayo, wilaya kwa wilaya, idadi ya kaya zilizo chini ya 35. Zipimwe kaya zilezile Julai na Februari. Na katika kila kaya yenye mtoto wa miezi 6 hadi 23, mdadisi aulize mtoto huyo alikula nini jana. Halmashauri zina maafisa lishe, na madodoso haya tayari yapo. Anza na Iringa, Njombe na Rukwa.

Mdadisi wa zamani, Sumbawanga