YAH: Malalamiko kuhusu ada ya "kusafisha jina" na barua mliyoandika kwa niaba yangu

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Meneja,
Ofisi ya Kariakoo.

Ndugu Meneja,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilipokuja ofisini kwenu mliniahidi kwamba jina langu litatolewa kabisa kwenye taarifa za wakopaji ndani ya wiki 2. Mkapokea shilingi 180,000 za kuanzia, nakala ya kitambulisho changu cha NIDA na sahihi yangu kwenye fomu. Hadi leo hakuna mlichotoa, na juu yake mnanidai shilingi 120,000 za kumalizia.

Nianze na deni lenyewe, kwa sababu mfanyakazi wenu hakuniuliza habari zake. Nilikopa benki shilingi 2,000,000 kuongeza mzigo dukani. Marejesho yalichelewa kwa miezi kadhaa biashara ilipoyumba, kisha nikalipa deni lote na stakabadhi ninazo. Lakini nilipoomba mkopo mwingine, taarifa zangu zilionyesha bado nadaiwa shilingi 340,000. Hapo palikuwa na mambo mawili tofauti. La salio halikuwa kweli. La kuchelewa lilikuwa kweli.

Mtu anayeijua kazi hii angeomba kwanza kuiona ripoti yangu, asome ni benki gani imepeleka taarifa hiyo na salio ni la tarehe gani, kisha aniombe stakabadhi. Ninyi mliomba pesa. Mfanyakazi wenu akaniambia mna "mtu wa ndani" wa kufuta.

Huyo mtu angefuta wapi? Benki ndiyo inayopeleka taarifa za mkopo kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taasisi za taarifa za wakopaji zenye leseni huchukua humo. Utaratibu huo una kanuni zake tangu mwaka 2012. Mkopaji akipinga taarifa, taasisi humuuliza aliyeipeleka, na huyo ndiye anayethibitisha au kurekebisha. Kampuni ya pembeni kama yenu haina mlango wa kuingilia humo. Kinachobaki mikononi mwenu ni kuandika barua ya kupinga, barua ambayo mkopaji anaweza kuiandika mwenyewe.

Na hiyo barua ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nimeonyeshwa nakala yake. Mmeandika kwamba mkopo ule siujui, kwamba kuna mtu alitumia kitambulisho changu kukopa, na chini yake ipo sahihi yangu. Sikuwahi kusema maneno hayo, wala hamkunisomea kabla ya kuyapeleka. Benki ilipoulizwa ilitoa mkataba wangu na picha yangu, malalamiko yakatupwa. Sasa afisa mikopo wa tawi, ambaye ameniona nikileta marejesho kwa mkono wangu, ananiuliza kwa nini nimekana deni nililokwisha kulilipa. Mimi naishi kwa kuaminiwa na watu kama yeye. Niliondoka pale nimeinamisha kichwa kwa uongo usio wangu.

Nilimweleza ukweli, nikampa stakabadhi, nikaomba barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umekwisha. Waliangalia wakakuta rejesho la mwisho halikuingizwa kwenye akaunti ya mkopo. Wakarekebisha na kupeleka taarifa mpya, na salio sasa linasoma sifuri. Sikutozwa hata senti. Historia ya kuchelewa bado ipo, na niliambiwa waziwazi kwamba haifutwi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo ndipo mkanitumia ujumbe wa kunipongeza kwa "kazi iliyokamilika", mkidai zile 120,000. Hiyo kazi si yenu.

Kwa hiyo nataka mnirudishie shilingi 180,000 zote. Muiandikie taasisi mliyoipelekea barua ile, mkieleza kwamba maelezo yale hayakutoka kwangu, na nakala mnipe ili niipeleke benki. Mnirudishie fomu yenye sahihi yangu na mfute nakala za kitambulisho changu, maana sijui mtaandika nini tena kwa jina langu. Na lile tangazo la kufuta jina la mdaiwa yeyote mliondoe, kwa sababu kuna akina mama hapa Tandika wanachangishana wawaletee pesa.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Benki Kuu na Tume ya Ushindani kuhusu ahadi yenu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu kitambulisho changu. Ile barua ya uongo yenye sahihi yangu nitaipeleka polisi.

Nimeambatanisha risiti yenu, nakala ya barua mliyoandika na barua ya benki ya kumaliza mkopo.

Wenu,
Mwenye duka la vipodozi, Tandika